Msimbo wa SMS au wa Apu: Upi Utamsumbua Mkora Zaidi?

Wateja wetu wa Migori na Homa Bay hutuuliza swali moja mara nyingi, hasa wale ambao biashara imekua na sasa wana ukurasa wa Facebook, baruapepe ya biashara na akaunti mbili tatu za mtandaoni. Ukiingia kwenye akaunti hizo, baada ya nenosiri unaulizwa msimbo wa tarakimu 6. Wengi huletewa kwa SMS. Wengine wamesikia kuna apu inayotoa msimbo huo yenyewe ndani ya simu, kama Google Authenticator au Microsoft Authenticator. Je, ipi ni ngumu kuibiwa?

Sisi tunasema apu. Hatusemi hivyo kwa sababu ni kitu kipya, na kuna mahali apu haisaidii kabisa, tutapafikia. Sababu yetu ni moja, na ukiielewa hiyo mengine yote yatajipanga: msimbo wa SMS unafuata nambari yako ya simu, lakini msimbo wa apu unakaa ndani ya simu yenyewe. Nambari inaweza kuhamishwa na mtu mwingine ukiwa umelala. Kilicho ndani ya simu yako iliyofungwa, hakuna mtu wa dukani anayeweza kukihamisha.

Tuanze na nambari, maana hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Wengi wetu tunafikiri nambari ya simu iko ndani ya simu, au ndani ya ile kadi ndogo ya laini. Ukweli ni kwamba nambari ni kama mstari kwenye daftari la kampuni ya mtandao, unaosema nambari fulani kwa sasa inatumia kadi fulani. Ukipoteza simu ukaenda dukani na kitambulisho, wanachofanya ni kufuta kadi ya zamani kwenye huo mstari na kuandika kadi mpya. Kadi ya zamani inakufa hapo hapo. Huduma hiyo ni nzuri na sote tunaihitaji, kwa sababu simu zinaanguka ziwani na zinaibiwa steji. Shida ni kwamba mtu mwingine akifaulu kujifanya wewe, mstari utaandikwa kadi yake, na kuanzia dakika hiyo kila SMS yako ni yake.

Jinsi laini inavyokwenda

Tuchukue mfano ambao tumeutunga, lakini kila hatua yake ni ya kawaida nchini. Mama mmoja anauza omena kwa jumla pale Mbita. Ana simu moja ya kupangusa, na nambari yake ameiandika kwenye ukurasa wa Facebook ili wateja wa Kisii na Nairobi wampate. Baruapepe yake ya Gmail ndiyo aliyofungulia Facebook, na ndiyo anayopokelea oda na risiti. Kote huko ameweka ulinzi wa hatua mbili, na msimbo unakuja kwa SMS. Kwa hiyo si mtu mzembe.

Mkora anaanza na vitu viwili ambavyo havina siri: jina na nambari. Vyote viko kwenye ukurasa wa biashara. Kitambulisho anakipata kwa njia rahisi kuliko unavyodhani. Fikiria ni mara ngapi umeandika nambari ya kitambulisho na ya simu kwenye kile kitabu cha askari wa geti, kimoja chini ya kingine, halafu aliyekuja nyuma yako akasoma mstari wako akiandika wake. Kilichobaki anakiomba kwa mdomo. Anapiga simu asubuhi, anajiita wa huduma kwa wateja, anasema kuna hitilafu kwenye usajili wa laini na anataka tu kuhakikisha mwaka wa kuzaliwa. Na usitegemee kumjua kwa lafudhi. Kuna watakaokusalimia "Oyawore, mama" kwa Dholuo safi kuliko cha watoto wako.

Akishapata hizo, anatafuta mahali pa kubadilishia laini. Anaweza kumdanganya wakala, au kula njama na wakala, na wakati mwingine mfanyakazi wa ndani. Hatua hii haihitaji ujuzi wa kompyuta hata kidogo, na ndiyo maana imeenea. Hata wakubwa hawajaponea: Agosti 2019, wezi walichukua nambari ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter wakati huo, wakaandika upuzi kwenye akaunti yake mwenyewe. Kama mwenye Twitter aliingiliwa hivyo, hakuna haja ya kumlaumu mama wa Mbita.

Sasa angalia upande wa yule mama. Saa mbili usiku simu yake inapoteza mtandao. Hakuna mlio wala ujumbe, vile vijiti vya mtandao vinapotea tu. Ukiishi kando ya ziwa umezoea mtandao kwenda na kurudi, kwa hiyo anadhani ni mnara. Kuna njia ya kujua tofauti, na tungependa kila mteja wetu aishike: angalia simu ya jirani anayetumia kampuni ileile. Kama yake ina mtandao na yako haina, zima simu yako na uiwashe mara moja tu. Ikirudi bado haina mtandao, usingoje asubuhi. Azima simu hiyo hiyo ya jirani upige huduma kwa wateja, kwa Safaricom ni 100, waifunge laini.

Wakati yeye anangoja mnara urudi, mkora ameshafungua ukurasa wa Gmail na kubonyeza "Forgot password?". Google inamwuliza kama angependa msimbo utumwe kwa nambari inayoishia na tarakimu fulani. Anakubali. SMS inafika kwenye simu yake, anaandika tarakimu 6, anaweka nenosiri jipya. Zingatia kwamba hakuhitaji kujua nenosiri la zamani. Tunaita ulinzi wa hatua mbili, lakini SMS ikitumika kurudishia nenosiri na pia kama hatua ya pili, mwenye laini amezipita zote mbili kwa kitu kimoja.

Akiwa ndani ya baruapepe, Facebook ni dakika chache, kwa sababu Facebook nayo inatuma kiungo cha kubadilisha nenosiri kwa baruapepe ileile. Kufikia saa tatu anaongea na wateja wa mama kama yeye ndiye mama, akiwaambia mzigo wa omena uko tayari, tuma malipo kwa nambari hii nyingine kwa sababu ile ina shida. Hapo ndipo pesa inapotoka. Haikutoka kwa mama mwenyewe. Imetoka kwa watu waliomwamini miaka yote, na kesho yake yeye ndiye atakayepigiwa simu kuulizwa mzigo uko wapi.

Apu inabadilisha nini hapo

Turudie usiku huohuo, ila mama alikuwa amehamisha Gmail na Facebook zitumie apu, na ameondoa nambari ya simu kwenye hatua ya pili. Mkora amepata laini vizuri kabisa. Anabonyeza kuingia, anaulizwa msimbo wa apu. SMS zote za mama zinamjia yeye, lakini huu hauji kwa SMS. Hauji kwa njia yoyote. Uko kwenye simu ya mama, na simu iko mkononi mwake pale Mbita, bila mtandao, ikiendelea kutoa misimbo kama kawaida.

Watu wengi hudhani apu inaletewa misimbo na intaneti. Sivyo. Siku unapoiweka, tovuti inakuonyesha ile picha ya mraba yenye vidoti, unaipiga kwa kamera. Ndani ya picha kuna neno refu la siri ambalo tovuti imekutungia wewe peke yako. Simu inalihifadhi, tovuti nayo inabaki na nakala yake. Tangu siku hiyo hawahitaji kuwasiliana tena. Kila sekunde 30 simu inachukua saa ya sasa, inaichanganya na lile neno la siri kwa hesabu maalum, na kutoa tarakimu 6. Tovuti inafanya hesabu ileile upande wake. Saa ni moja, siri ni moja, jibu litakuwa moja. Utaratibu huu si siri ya kampuni yoyote. Ulichapishwa wazi mwaka 2011, na ndiyo sababu apu ya Google inaweza kutoa msimbo wa Facebook bila makubaliano yoyote kati yao.

Hii ina faida moja ambayo watu wa Isebania na Muhuru Bay wataielewa haraka kuliko watu wa Nairobi. Karibu na mpaka simu huwa inanasa mtandao wa Tanzania bila kukuuliza. Unaweza kuwa na intaneti ya waifai ya duka, umeandika nenosiri, halafu SMS ya msimbo inakuja baada ya robo saa wakati imeshapitwa na muda. Apu haijali uko kwenye mnara wa nchi gani. Inachojali ni saa. Simu ikiwa dakika kadhaa mbele au nyuma, hesabu inatoka tofauti na msimbo unakataliwa. Ukiona umeandika tarakimu sawasawa, haraka, na bado unaambiwa si sahihi mara tatu, kabla hujasema apu imeharibika ingia kwenye mipangilio ya saa uruhusu simu ichukue saa ya mtandao yenyewe.

Kuna wizi wa pili ambao hauzungumziwi sana na ambao kwetu sisi ni wa kila siku zaidi ya ule wa kubadilishiwa laini. Ni simu kunyakuliwa. Uko steji ya Migori, boda inapita, simu imekwenda. Unajifariji kwamba ina nenosiri la skrini na alama ya kidole. Lakini mwizi mwenye akili hahangaiki na skrini. Anatoa laini kwa pini, anaiweka kwenye mulika mwizi yake ya elfu moja na mia mbili, na SMS zako zote zinaanza kuingia huko. Skrini yako uliyofunga kwa kidole inalinda picha za watoto, hailindi misimbo. Na wakati mwingine hata kutoa laini si lazima, kwa sababu simu nyingi zinaonyesha ujumbe mpya juu ya skrini iliyofungwa, tarakimu zote 6 zikisomeka. Apu ikiwa ndani ya simu iliyofungwa, mwizi lazima kwanza afungue simu. Hiyo ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Kwenye mitandao utasoma pia kuhusu wezi wanaochungulia SMS zikiwa njiani kati ya kampuni za mtandao. Ni kweli hutokea. Mwaka 2017 wateja wa benki nchini Ujerumani walifyonzwa pesa kwa njia hiyo, misimbo yao ikaelekezwa kwingine bila mtu kugusa laini zao. Lakini kwa maoni yetu hilo lisikunyime usingizi Rongo wala Oyugis. Mwizi wa huku hana haja na mitambo hiyo wakati kuna wakala wa kudanganya na laini ya kutoa kwa pini.

Mahali apu haikusaidii

Sasa tuseme yale ambayo wanaopigia apu debe huwa wanayaruka.

La kwanza, apu hailindi pesa iliyo kwenye laini yako. M-Pesa na huduma nyingine za pesa zinazotumia laini zimefungwa kwa laini pamoja na nambari ya siri unayoweka. Ukiweka Google Authenticator leo, hakuna kitakachobadilika ukibonyeza *334#. Apu inalinda baruapepe, Facebook, Instagram na akaunti nyingine zinazoikubali. WhatsApp nayo haiko kwenye orodha hiyo: inasajiliwa kwa msimbo wa SMS au wa simu, na kinga yake ni ile PIN ya tarakimu 6 unayojiwekea kwenye mipangilio, sehemu ya uthibitishaji wa hatua mbili. Kama unauza kwa WhatsApp na hujaiweka, fanya hiyo kabla ya apu.

La pili, msimbo ukiusema unaibika, uwe wa SMS au wa apu. Mkora akikupigia ukiwa sokoni Sori na umebeba beseni, akuambie "nisomee hizo nambari sita zilizo kwenye apu, tunahakikisha akaunti yako," ukamsomea, ana sekunde kadhaa na zinamtosha. Vivyo hivyo ukiandika msimbo kwenye ukurasa wa uongo unaofanana na wa Facebook, kuna programu zinazouchukua na kuuandika kwenye Facebook ya kweli papo hapo. Apu imefunga mlango wa mtu anayeiba bila wewe kujua. Haijafunga ule unaofungua wewe. Sababu yetu ya kuipendelea bado iko palepale, kwa sababu kwa SMS mama wa Mbita aliibiwa bila kusema tarakimu hata moja.

La tatu ndilo tunalotaka ukae nalo, maana hapa ndipo watu hudhani wamehama kumbe hawajahama. Ukiweka apu kwenye akaunti, mara nyingi SMS haiondoki. Inabaki pembeni kama njia mbadala. Mkora akiulizwa msimbo wa apu anabonyeza "Try another way", anachagua SMS kwa ile nambari aliyoiteka, na anaingia kama vile apu haipo. Umeweka kufuli kubwa mlango wa mbele na jikoni umeacha wazi.

Kwa Gmail, ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, fungua uthibitishaji wa hatua mbili, na baada ya kuongeza apu ondoa nambari ya simu kwenye orodha ya hatua ya pili. Halafu tazama pia nambari ya kurudishia akaunti, ambayo iko mahali pengine kwenye ukurasa huohuo wa usalama. Watu huondoa ya kwanza na kusahau ya pili. Usiondoe chochote kabla hujachukua misimbo ya akiba. Google inakupa 10, kila mmoja una tarakimu 8 na unatumika mara moja tu. Iandike kwenye karatasi uweke pale unapoweka hati ya shamba. Usiipige picha ukaiacha kwenye simu ileile, kwa sababu siku simu itakapoibiwa ndiyo siku utakayoihitaji.

Kuhusu hiyo siku, hapa lazima tuwe wakweli: SMS ina ubora wake. Ukipoteza simu, laini inarudi kwa nusu saa dukani na misimbo inaendelea kuja. Apu haina duka. Kama hukuwa na karatasi ya akiba wala simu ya pili, unaweza kufungiwa nje ya akaunti yako mwenyewe, na kuwaeleza Google kwamba wewe ni wewe si kazi ya siku moja. Tangu Aprili 2023 Google Authenticator inaweza kuhifadhi siri zako kwenye akaunti yako ya Google ili zikufuate kwenye simu mpya. Ni msaada mkubwa, lakini ona mtego uliomo: kama akaunti hiyo ya Google bado inafunguka kwa SMS, aliyeteka laini ataingia Google, atapakua apu kwenye simu yake, na misimbo yako yote itamfuata huko. Kwa hiyo ukitumia hifadhi hiyo, akaunti ya Google ndiyo ya kwanza kuondoa SMS, si ya mwisho.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu, na si lazima ufanye yote siku moja. Anza na baruapepe peke yake, kwa sababu ndiyo mama wa akaunti zote. Kaa nayo wiki mbili uzoee. Jaribu msimbo mmoja wa akiba kuona unafanya kazi. Ikishakaa sawa, hamisha Facebook. Akaunti nyingine ambazo hazina pesa wala wateja ndani yake zinaweza kubaki na SMS bila hasara kubwa.

Na mwenye kabambe?

Baadhi ya wateja wetu wazuri kabisa, wavuvi wa Rusinga na mama wa dagaa wa Karungu, wanatumia kabambe kwa sababu inakaa na chaji siku tano na haiogopi maji. Apu ya misimbo inahitaji simu ya kupangusa. Hatuoni haki kumwambia mtu anunue simu ya elfu kumi ili alinde akaunti.

Kwake yeye SMS bado ina thamani. Mwaka 2019 Google pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York na Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa matokeo kuhusu akaunti ambazo zilikuwa na nambari ya simu tu kama kinga ya ziada. Msimbo wa SMS ulizuia majaribio yote ya mashine zinazobahatisha nenosiri, na asilimia 96 ya udanganyifu unaotumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Palipopungua ni kwa mashambulizi yanayomlenga mtu mmoja, ambapo ulizuia asilimia 76. Hiyo asilimia iliyobaki ndiyo mama wa Mbita, mtu aliyechaguliwa kwa jina. Lakini kati ya SMS na kutokuwa na kitu, usifikirie mara mbili.

Kinachobaki kwake ni kuifanya laini yenyewe iwe ngumu kuhamishwa. Kwa Safaricom, piga *100*100# kwa laini yako. Ukishaiwasha, laini haiwezi kubadilishwa kwa wakala, mpaka wewe mwenyewe uende duka la Safaricom na kitambulisho. Kwa mtu wa Nyatike au Ndhiwa hiyo ina gharama, kwa sababu siku laini itakapoharibika utafunga safari hadi kwenye duka lenyewe badala ya kwenda kwa jirani mwenye mwavuli. Sisi tunaona safari hiyo inafaa. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu wakati mwingine kuna moja usiyoijua.

Halafu kuna kufuli la laini, ambalo hata kabambe inalo, na ndilo jibu la yule mwizi wa steji anayetoa laini kwa pini. Kwenye mipangilio ya usalama ya simu utaona sehemu ya kuwasha PIN ya laini. Ukiiwasha, kila simu inapowashwa au laini inapowekwa kwenye simu nyingine, itauliza PIN kabla ya kunasa mtandao. Hii ni tofauti na nambari ya siri ya pesa, na usizifanye zifanane. Tafuta kwanza ile kadi ya plastiki ambayo laini ilikatwa, kwa sababu PIN ya kuanzia na PUK zimechapishwa hapo. Usibahatishe. Ukikosea PIN mara 3 itaomba PUK, na ukikosea PUK mara 10 kadi hiyo imekufa, itabidi uchukue kitambulisho uende dukani ukatolewe nyingine.